Kontena tupu na kabati la jikoni: nimpakie nini mtoto wa darasa la tatu? (Picha zipo)

mama_nuru — Jumamosi, saa 3:10 usiku

Habari za usiku, wanajukwaa. Ninaomba msaada wa kupanga chakula cha mchana cha shule cha binti yangu mwenye umri wa miaka 8. Nimeweka picha mbili. Ya kwanza ni kontena lake likiwa tupu, na pembeni nimeweka kijiko cha chakula ili mpate kukadiria ukubwa. Ya pili ni kabati la jikoni kama lilivyo usiku huu. Sikupanga wala kuficha kitu, kwa sababu nataka kutumia kilichomo humo kabla ya kurudi sokoni siku ya Alhamisi.

Kwa wale ambao picha hazifunguki: rafu ya juu ina unga wa ngano, ndoo ya mchele, kopo la siagi ya karanga, juisi za boksi na biskuti. Rafu ya kati ina maharage mekundu, choroko, trei ya mayai na mfuko wa dagaa. Chini kuna viazi vitamu, karoti, vitunguu, nyanya, machungwa, ndizi mbivu na nazi mbili. Katika friza, ambayo haionekani pichani, kuna soseji.

Tunaishi Kigamboni na shule ipo ng'ambo ya kivuko, kwa hiyo mtoto hutoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo asubuhi na kula saa sita na nusu mchana. Shuleni hakuna friji wala mahali pa kupasha chakula. Kwa kawaida humpakia wali wa nazi, soseji mbili, juisi na biskuti za mapumziko ya saa nne. Kila jioni kontena hurudi na karibu nusu ya chakula. Yeye husema alishiba, nami ninadhani hakipendi.

kijana_wa_tandika — saa 3:22 usiku

Dada, mkaangie soseji ziwe tatu na uongeze viazi. Watoto wa siku hizi ndicho chakula wanachokielewa.

mwalimu_kheri — saa 3:41 usiku

Mimi ninafundisha shule ya msingi na nimeona makontena mengi yakifunguliwa mchana. Tatizo kubwa ninaloliona ni wali kuchacha, hasa wa nazi. Ushauri wangu ni kwamba wali upikwe usiku, kisha alfajiri upashwe mpaka ufuke moshi. Moto huo huua vijidudu vyote, na chakula kitafika mchana kikiwa salama. Kuhusu kiasi, mjazie kontena mpaka juu, kwa sababu mtoto mwenye njaa hasomi.

bi_lishe — saa 4:05 usiku

Mwalimu, hapo umepatia nusu. Ni kweli kwamba moto huua vijidudu. Lakini kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, na wali ukilala mezani usiku kucha wao huzaliana na kuacha sumu ambayo haivunjiki kwa kupashwa. Wali unaweza kufuka moshi alfajiri, usiwe na harufu yoyote mbaya, na bado ukamtapisha mtoto. Wali wa jana ukitaka kuutumia, utandaze kwenye sinia mara tu baada ya kupikwa ili upoe haraka, kisha uingie kwenye friji usiku huohuo. Hata hivyo, huo ni wa kuliwa nyumbani asubuhi. Si wa kukaa tena ndani ya begi saa sita na robo tatu.

Mama Nuru, kabla sijagusa kabati lako ninaomba tuliangalie kontena, maana ndilo lenye habari nyingi zaidi. Nimeikuza picha. Mpira wa kuzuia maji umezunguka ukingo wa nje peke yake, na kuta mbili za katikati zimeishia chini kidogo ya ukingo. Maana yake ni kwamba kontena likilazwa ndani ya begi, mchuzi hautamwagika kwenye madaftari, lakini utahamia kwenye vyumba vingine na chungwa litaonja maharage. Hilo ni kontena la vyakula vikavu, hata kama muuzaji alikuambia vinginevyo.

Jambo la pili ni ujazo. Kwa kulinganisha na kijiko, mimi ninakisia linafika lita moja, lakini picha imepigwa kwa kuinamishwa, nayo hudanganya. Tafadhali jaza kila chumba maji kwa kikombe cha kupimia cha mililita 250, kisha utuambie umepata vikombe vingapi.

mzazi_moshi — saa 4:12 usiku

Kontena la plastiki si zuri, dada. Mimi nilinunua la chuma cha pua mwaka jana na halijawahi kubadilika harufu. Ungetaja bei uliyonunulia hilo ili tulinganishe.

mama_nuru — saa 4:30 usiku

Ninashukuru, mzazi mwenzangu, ila la kununua sikuuliza. Ninalo hilo na nitalitumia.

Bi Lishe, shikamoo. Nimepima. Chumba kikubwa kimechukua kikombe kimoja na nusu, cha kati robo tatu ya kikombe, na kidogo nusu kikombe. Jumla ni vikombe viwili na robo tatu.

bi_lishe — Jumapili, saa 1:20 asubuhi

Marahaba, mwanangu. Basi nilikosea sana. Hiyo ni chini kidogo ya mililita 700, wala si lita. Lakini hata hivyo inatosha kueleza kwa nini chakula kinarudi.

Wajapani, ambao kufunga chakula cha kontena kwao ni kazi ya kila siku, wana kipimo cha haraka: kontena lililopangwa bila nafasi, wanga ukichukua nusu yake, hutoa kilokalori zinazokaribiana na mililita zake. Ni makadirio tu, na chakula chenye nazi au mafuta mengi hupita hapo. Mtoto wa miaka 8 anahitaji takriban kilokalori 1,600 kwa siku, kutegemea anavyocheza, na mlo wa mchana ukichukua theluthi, unapata kama 530. Wewe unamshindilia wali wa nazi na soseji wa 700 au zaidi, unaongeza juisi, na saa mbili na nusu kabla ya hapo ameshakula biskuti. Mtoto anakuambia ameshiba kwa sababu ameshiba kweli.

Kwa hiyo sitakupa chakula cha kujaza kontena. Chumba kikubwa kitabeba wanga na kitoweo kwa pamoja bila kufika juu, na vyumba viwili vilivyobaki vitakuwa vya mboga na matunda, ambavyo vina nafasi kubwa na nguvu kidogo.

Sasa kabati. Vitu vingi ulivyo navyo ni vizuri, lakini picha ya kabati haionyeshi saa. Chakula kilichopikwa chenye majimaji kikikaa katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, vijidudu huzaliana, na kanuni inayotumika ni kutokizidisha saa mbili, au saa moja tu ikiwa joto la nje limepita nyuzi 32. Chakula cha mtoto wako kinakaa njiani na shuleni karibu saa saba, na kivukoni jua huwaka mapema. Hapo wali wa nazi umetoka, maharage ya mchuzi yametoka, soseji zimetoka, na yai nalo linatoka isipokuwa tulipatie baridi. Kinachobaki ni vile vikavu au vyenye mafuta bila maji: chapati, siagi ya karanga, dagaa waliokaushwa vizuri kwa kukaangwa, na matunda yenye ganda lake.

Pendekezo langu la kesho ni hili. Pika chapati leo jioni, moja yenye ukubwa wa sahani ndogo, kwa unga wa kama gramu 60. Iache ipoe kabisa chini ya kitambaa kabla ya kuifunika, kwa sababu ukiifunga na mvuke wake kontena litatoa jasho na chapati itakuwa na utelezi mchana. Ipake vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga, ikunje, ikate vipande vinne, na uipange katika chumba kikubwa. Chumba cha kati kiwe na karoti iliyokatwa vijiti, ikaoshwa kwa maji safi na kukaushwa. Katika kile kidogo weka dagaa wa kukaanga wakavu, ujazo wa kiganja cha mtoto. Chungwa lisiingie ndani ya kontena; likatie alama za kumenyea juu juu bila kufika kwenye nyama, abebe zima. Jumla yake ni kama kilokalori 550, na protini inayopita gramu 18, ambayo kwa umri wake inakaribia hitaji la siku nzima. Dagaa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo madini ya kalsiamu yamo humo, na chungwa linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika unga na karanga.

Juisi ibaki kabatini. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze robo tatu, uigandishe usiku, kisha uizungushie kitambaa pamoja na kontena. Ikiyeyuka ndiyo maji yake ya kunywa.

abuu_toronto — saa 3:00 asubuhi

Samahani kwa kuingilia. Huku Kanada shule nyingi haziruhusu karanga hata kidogo, kwa sababu ya watoto wenye mzio, na mwanangu aliwahi kurudishwa na mkate wake. Ningeshauri siagi ya karanga iondolewe moja kwa moja kwenye mpango huu.

bi_lishe — saa 3:18 asubuhi

Ndugu Abuu, ukiondoa karanga hapa, ninabaki na dagaa peke yake katika vitoweo visivyohitaji baridi, kwa hiyo sitaiondoa kwa amri ya shule ya mbali. Lakini jambo ulilolileta lina uzito, kwa sababu watoto hubadilishana chakula. Mama Nuru amwulize mwalimu wa darasa kama kuna mtoto mwenye mzio. Akiwepo, tutapanga upya.

Jingine kuhusu kopo hilo: sioni lebo. Ni ya dukani, au ulisagiwa?

mama_nuru — saa 3:40 asubuhi

Nilisagiwa sokoni, na karanga nilizikuta zimekwisha kukaangwa.

bi_lishe — saa 3:52 asubuhi

Safari ijayo nunua karanga mbichi, uzichambue mwenyewe. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitupe, maana huko ndiko sumukuvu hujificha, na kukaanga hakuiondoi. Mnakumbuka mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Karanga ikishasagwa, jicho haliwezi tena kutofautisha nzuri na mbaya. Sikuambii utupe hiyo kwa kuiangalia pichani. Ikiwa na ladha ya uchungu, itupe, ila kutokuwa chungu peke yake hakuthibitishi kwamba ni salama.

muuza_dagaa — saa 4:25 asubuhi

Nami niseme kuhusu bidhaa ninayoifahamu. Nimeikuza picha ya rafu ya kati. Dagaa hao, dada, sehemu ya chini ya mfuko wamegeuka rangi ya njano inayoelekea kahawia, ilhali wa juu bado wanang'aa kama fedha. Inaweza kuwa ni kivuli cha rafu, lakini kama ndiyo rangi yao, mafuta yao yamekwisha haribika, na ndiyo maana mtoto anaweza kulalamika kwamba wanawasha kooni. Wamwage kwenye ungo mchana, penye mwanga. Waliong'aa na mkunjo wao ukavunjika kwa sauti, watumie. Wale wa njano na wanaopinda bila kuvunjika, usiwakaange.

mama_nuru — saa 7:15 mchana

Umeona vizuri, kaka. Nimewamwaga na kama theluthi yao ni wa njano. Nilikuwa nikifunga mfuko bila kutoa hewa, nao umekaa karibu na jiko.

mwalimu_kheri — saa 8:02 mchana

Nimekubali hoja ya wali, na ninakiri kwamba sikujua habari ya sumu kubaki. Hata hivyo nina swali. Mtoto hawezi kula chapati na karanga siku tano. Akipatiwa hotpoti ndogo, si wali na maharage yatarudi kwenye orodha?

bi_lishe — saa 8:30 mchana

Yatarudi, mwalimu, kwa masharti. Hotpoti haipashi chakula; hutunza tu joto ililopewa. Ijazwe maji yanayochemka na kufunikwa dakika kumi, maji yamwagwe, kisha chakula kiingie kikiwa kinachemka kabisa, kimepikwa alfajiri hiyohiyo, na kijae, kwa sababu nafasi tupu hupoza. Mchana kikifunguliwa kiwe moto kiasi kwamba mtoto anapuliza kijiko. Kikiwa cha uvuguvugu, hicho ndicho cha kuogopa kuliko hata cha baridi. Wala sidhani kwamba hotpoti ndogo ya bei nafuu itafika saa sita na nusu ikiwa na joto la kutosha. Ajaribu kwanza nyumbani siku ya mapumziko: aijaze saa kumi na mbili kasorobo na kuifungua saa sita na nusu. Nazi asiitie.

Kwa sasa hana hotpoti, kwa hiyo siku ya pili iwe ya yai: yai moja lililochemshwa mpaka kiini kikauke, likalala kwenye friji na ganda lake, likawekwa likigusana na chupa ya barafu, pamoja na viazi vitamu viwili vidogo vya kuchemsha vilivyolala kwenye friji navyo. Yai hilo na viazi hivyo vinategemea barafu tu. Mwulize mtoto swali moja kila jioni: ulipokuwa unakula, kulikuwa na kipande cha barafu ndani ya chupa? Akisema ndiyo, mpango unafanya kazi.

mama_nuru — Jumatano, saa 2:40 usiku

Ninaleta taarifa ya siku tatu.

Jumatatu alibeba chapati, karoti, dagaa na chungwa. Kontena lilirudi na vijiti viwili vya karoti na dagaa wote. Barafu anasema ilikuwepo, "kidogo kama jiwe la mdako." Biskuti sikumpa, saa nne alikula ndizi.

Jumanne ilikuwa zamu ya yai na viazi vitamu. Alikula vyote, barafu ilikuwepo.

Leo nilirudia yai, na mambo yameharibika. Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, kisha begi likaachwa dirishani darasani, upande wa jua. Anasema maji yalikuwa ya vuguvugu. Yai alikuwa amelila kabla sijauliza. Mpaka sasa ni mzima na anacheza.

Mwalimu wa darasa amesema hakuna mtoto mwenye mzio wa karanga anayejulikana, ila hawajawahi kuuliza wazazi kwa maandishi.

kijana_wa_tandika — saa 2:51 usiku

Kama amelila na ni mzima, basi barafu haikuwa na lazima.

bi_lishe — saa 3:05 usiku

Hapana, mwanangu. Mayai mengi hayana tatizo, na siku moja salama haipimi chochote. Tatizo ni lile moja ambalo hutalijua kwa kuliangalia. Mama Nuru, mfundishe sheria moja nyepesi anayoweza kuikumbuka: maji yakiwa ya vuguvugu, yai na viazi haviliwi, anakula chungwa, na hagombezwi akirudi navyo. Na kesho rudisha chapati na karanga, ambazo hazina deni na barafu.

Dagaa walirudi kwa sababu gani? Walikuwa wamelainika?

mama_nuru — saa 3:20 usiku

Walikuwa wakavu kabisa. Anasema wenzake waliziba pua alipofungua kontena, naye akafunika.

muuza_dagaa — saa 3:33 usiku

Hilo ninalijua, hata wateja wangu huniambia. Wachambue kichwa na utumbo, kwa sababu harufu kali na uchungu vipo huko, wakaange bila mafuta, kisha wasage wawe unga laini. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo changanya na unga wa ngano wa chapati. Hakuna atakayewaona.

bi_lishe — saa 3:41 usiku

Hawataonekana, lakini je, hawatanusika? Nimewahi kuona unga wa dagaa ukifanikiwa ndani ya uji wa watoto wadogo ambao hawajajua kuaibishana. Ndani ya chapati iliyofungiwa karibu saa saba, sina hakika. Anza na kijiko cha chai, si cha chakula.

abuu_toronto — saa 4:00 usiku

Mwanangu alipochekwa kwa sababu ya samaki tulimwondolea, akala samaki nyumbani jioni. Sioni ubaya wa kufanya hivyo.

mama_nuru — saa 4:10 usiku

Nitapika chapati mbili Jumapili, moja yenye kijiko cha chai cha unga wa dagaa na nyingine isiyo nayo, nizifungie kwenye makontena mawili kuanzia asubuhi mpaka saa sita na nusu, kisha nimwite yeye na watoto wa jirani wazifungue. Nitaandika hapa ni ipi waliyoikimbia.